UKUTA, UMATI NA WAIFAI: JINSI KIPIMO CHA KIDOLE KILIVYOTUDANGANYA



Siku moja ya upimaji wa afya, hapa kwetu Walikale, karani wa dispansari aliandika namba 97 kwenye kadi ya baba mmoja wa kikosi cha kutoboa mwamba. Namba hiyo ni kiasi cha oksijeni ndani ya damu, kwa mia. Mtu mzima mwenye mapafu mazuri, katika nchi ya chini kama hii yetu ya msitu, hupata 95 au zaidi. Kwa hiyo 97 ni namba nzuri, na baba yule alikuwa tayari anavaa kofia yake ili arudi kazini.

Kwa bahati nilipita karibu naye kabla hajatoa kidole. Nilitazama uso mdogo wa chombo chenyewe, kile kinachobana kidole kama kibanio cha nguo, nikaona 84. Karani alikuwa ndani, na tableti mkononi. Nikamwuliza, "Wewe umeandika ngapi?" Akajibu, "97, munganga. Tableti inasema 97." Nikamwambia mgonjwa, "Papa, tafadhali usitoe kidole kwanza." Tulimpasha mikono moto, tukabadilisha kidole, tukangoja dakika nzima. Chombo kikasema 84, kisha 85. Baba huyo alikuwa na ugonjwa wa mapafu, na chini ya 90 hatungoji kesho. Tulimpa oksijeni, akapelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Basi ile 97 ilitoka wapi? Ilikuwa ya mtu aliyetangulia mbele yake. Mawimbi kati ya chombo na tableti yalikuwa yamekatika, na tableti ikabaki na namba ya mwisho iliyoipokea. Rangi ya namba ilikuwa imefifia kidogo, na pembeni paliandikwa saa ya kipimo kwa herufi ndogo sana. Nani anasoma herufi ndogo wakati watu 40 wanapiga foleni na mvua inanyesha?

Jioni ile, na siku mbili zilizofuata, nilitafuta sababu. Nitawaeleza nilichokiona, kwa maana vyombo vya namna hii vinazidi kuingia makambini na majumbani: kipimo cha oksijeni, kipimo cha tansio, redio ya spika, visikilizio vya masikio. Vyote vinazungumza kwa njia moja, ambayo kwenye simu mnaiona imeandikwa Bluetooth. Sisi hapa tutaandika blututhi.

SAUTI NDOGO KATIKA SOKO KUBWA

Blututhi ni redio. Ni redio dhaifu kwa makusudi, ili isimalize betri. Vyombo vingi vidogo hutuma kwa nguvu ya elfu moja tu ya wati, au elfu chache za wati. Taa ndogo ya kofia ya mchimbaji inatumia nguvu nyingi kuliko hiyo mara mamia. Kwa nguvu hiyo chombo kinafika kwa kawaida mita 10 mahali pa wazi, wakati mwingine zaidi, na mahali pabaya hata mita 2 hakifiki.

Mawimbi yake yana urefu wa karibu sentimita 12, kama upana wa kiganja kilichofunguliwa, na yanasafiri katika uwanja wa redio unaoanzia megahezi 2400 hadi 2483. Uwanja huo hauna mwenyewe, serikali nyingi zimeuacha kwa kila mtu. Waifai nayo iko humo humo. Jiko la umeme la mawimbi, lile la kupasha chakula katika nyumba za wageni, liko humo pia. Ni kama soko la Mubi siku ya soko: kila mtu ana haki ya kusema, lakini mwenye sauti ndogo atasikika kwa shida.

Kitu cha pili cha kujua ni kwamba mawimbi hupungua haraka yakienda mbali. Ukiongeza umbali maradufu, nguvu inayofika inabaki robo. Kutoka mita 1 kwenda mita 2, robo. Kutoka 2 kwenda 4, robo ya robo. Ndiyo maana mita moja ya kusogeza meza inaweza kufanya kazi kubwa kuliko kununua chombo kipya.

KONTENA LETU

Dispansari yetu imewekwa ndani ya kontena la chuma la futi 20. Lina mlango mmoja na dirisha dogo. Siku za kawaida mgonjwa anaingia, anakaa, anapimwa, na tableti iko juu ya meza hiyo hiyo. Hapakuwa na tatizo hata siku moja.

Lakini siku ya upimaji wa kikosi kizima watu ni wengi, kwa hiyo tulitoa meza nje, tukaiweka chini ya bashi, mbele ya mlango. Tableti tuliiacha ndani pamoja na karani, kwa sababu ya mvua na kwa sababu waya wa umeme haukufika nje. Kati ya meza na tableti palikuwa mita 5. Saa mbili asubuhi mambo yalikwenda vizuri kabisa. Saa nne yakaharibika. Wakati ule nilidhani ni betri, nikabadilisha betri, na tatizo likabaki.

Jioni nilirudi na simu yenye programu iitwayo nRF Connect, inayopatikana bure. Programu hiyo inaonyesha kila chombo cha blututhi kilicho karibu, na mbele yake inaweka namba iliyoandikwa RSSI, yaani nguvu ya mawimbi yanayofika, kwa kipimo cha dBm. Namba hiyo ina alama ya kutoa. Ikikaribia sifuri, mawimbi ni makubwa. Ikishuka kuelekea -100, yanakwisha. Kila inaposhuka kwa 10, nguvu imebaki sehemu moja ya kumi. Mkitaka kujaribu wenyewe, kateni kwanza uhusiano wa chombo na tableti, kwa maana chombo kikiisha kushikana na mwenzake kwa kawaida huacha kujitangaza, na programu haitakiona tena.

Nilifunga chombo kwenye kidole changu mwenyewe, nikamwomba karani ashike simu pale penye tableti. Kwa mita 1, ndani ya kontena, tulipata -54. Kwenye meza ya nje, mlango wazi na hakuna mtu, -70. Upungufu huo ni wa umbali tu, na chombo kinafanya kazi vizuri kwa -70. Kisha niliwaomba walinzi watatu wasimame mlangoni, kama watu wanaokwepa mvua. Namba ikashuka hadi -86. Mwishoni tulifunga mlango. Ikawa -93, ikatokea na kupotea, ikatokea na kupotea.

Hapo nikaelewa tofauti ya saa mbili na saa nne. Chuma hakipitishi mawimbi haya, huyarudisha nyuma kama ukuta unavyorudisha mwangwi. Kwa hiyo mawimbi yetu hayakuwa yanapita katika ukuta wa kontena hata kidogo. Yalikuwa yanatoka kwa mlango, kama moshi. Asubuhi mlango ulikuwa wazi. Saa nne mvua ilianza, watu wakasogea mlangoni kujikinga, na miili yao ikawa ndiyo mlango uliofungwa.

MWILI WA MTU NI PIPA LA MAJI

Wengi hawaamini kwamba mtu anaweza kuzuia redio. Lakini sehemu kubwa ya mwili ni maji yenye chumvi, na maji ya namna hiyo hunywa mawimbi ya urefu huu. Mtu mmoja akisimama katikati anaweza kuondoa sehemu tisa za kumi za nguvu, au hata zaidi. Si lazima awe mtu mwingine. Mgonjwa akikaa akiipa tableti mgongo, na mkono wenye chombo ameuweka tumboni, amekwisha kujizuia yeye mwenyewe.

Hili nililiona kwa mara ya kwanza Masisi mwaka 2022, kabla ya vita kuwatawanya watu wengi wa huko. Tulikuwa tunafundisha usafi wa mikono mbele ya wachimbaji waliokusanyika asubuhi. Nilikuwa na mafundisho yaliyorekodiwa kwenye simu, na spika kubwa ya blututhi juu ya meza, mita 8 mbele yangu. Uwanja ulipokuwa mtupu tulijaribu, sauti ikawa safi. Watu walipofika, wapata 150, wakasimama kati yangu na spika, na sauti ikaanza kukatika kama mtu mwenye kwikwi. Simu ilikuwa mfukoni mwa suruali yangu. Kwanza mguu wangu, kisha viuno vya watu 150. Mzee mmoja akacheka akasema, "Munganga, spika yako ina malaria."

Dawa ilikuwa rahisi. Nilikwenda mbele, nikaweka simu juu ya meza karibu na spika, hatua moja tu, na spika tukaipandisha juu ya boneti ya gari. Juu ya vichwa mawimbi yanapita bila kukutana na maji. Kama mna waya wa spika, tumieni waya. Waya hauna umati.

Nataka kuongeza jambo moja hapa. Spika inahitaji mkondo wa mawimbi usiokatika, kwa hiyo ikipungukiwa utasikia mara moja. Kipimo cha oksijeni kinatuma namba chache tu kila sekunde. Kikikatika hakipigi kelele, kinanyamaza. Kwa sababu hiyo kilicho kidogo kina hatari kuliko kile kikubwa: spika ya Masisi ilituaibisha tu, lakini kipimo cha Walikale kilitaka kumrudisha mgonjwa shimoni.

KUTA ZA NYUMBA ZETU

Juu ya kuta nitasema kwa kifupi. Mbao kavu, kama za nyumba nyingi za milima ya Masisi, hupitisha blututhi bila shida kubwa. Ukuta mmoja au miwili, chombo bado kinasikika. Mbao zile zile zikilowa mvua, hupitisha kidogo zaidi kwa taabu. Ukuta wa miti na udongo ni mnene na una unyevu, hasa majira ya mvua, nao hula sehemu nzuri ya nguvu. Matofali vivyo hivyo. Zege lenye nondo ni baya kuliko hayo. Na manjanja, iwe ni ukuta au mlango, fanyeni hesabu kwamba hayapitishi kitu. Mawimbi yatatoka kwa dirisha au kwa nyufa.

Kwa hiyo mama akitaka kusikiliza redio ya spika jikoni, na simu iko chumbani kwenye chaji, asishangae ikikatika kama jiko limejengwa kwa manjanja. Asiweke simu ndani ya sanduku la chuma, wala nyuma ya frigo, wala nyuma ya pipa la maji. Na anayevaa kisikilizio sikio la kulia aweke simu mfuko wa kulia, tena wa shati ikiwezekana. Mfuko wa nyuma upande wa kushoto unalazimisha mawimbi kuzunguka mwili wote. (Barabarani, mahali malori ya madini yanapita, vua kisikilizio kabisa. Hilo nimekwisha kulisema katika ukurasa huu na nitalisema tena.)

LAKINI NAMBA NZURI NAYO ILIKATIKA

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi, maana nilidhani kazi imekwisha. Siku ya pili niliingiza meza ndani ya kontena, mita 1 kutoka tableti. Namba ikawa -54, nzuri sana. Na bado tableti iliganda! Nilihesabu kwa saa ya mkono: katika dakika 5 iliganda mara 6. Chombo chenyewe kilikuwa kinaonyesha namba bila wasiwasi, na betri ilikuwa mpya.

Nilitazama juu ya rafu. Palikuwa na rauta ya waifai, ile inayopokea rezo kutoka antena ya setilaiti, na ilikuwa sentimita 30 tu kutoka mahali tunapoegemeza tableti. Vijana wawili walikuwa wamekaa nje ya dirisha wanapakua filamu. Nikazima rauta kwa dakika 5. Tableti haikuganda hata mara moja. Nikaiwasha tena, ikaganda. Nikazima, ikatulia.

Sababu yake ni hii. Rauta inatuma kwa nguvu ambayo ni mara kumi, hata mara mia, kuliko ile ya chombo cha kidole. Ikiwa karibu na tableti namna ile, ni kama mtu anayepiga ngoma sikioni mwako wakati mwingine anakunong'oneza. Tena tableti yetu yenyewe ilikuwa inatuma kadi kwa waifai wakati huo huo. Katika tableti nyingi blututhi na waifai ya uwanja huu vinatumia antena moja kwa zamu: mmoja akisema, mwingine anangoja.

Waliobuni blututhi walijua kwamba uwanja huo una makelele, kwa hiyo walifundisha vyombo kuruka. Namna ya blututhi inayotumiwa na vipimo vidogo ina chaneli 40. Chombo na tableti haviketi katika chaneli moja. Vinaruka kutoka moja hadi nyingine, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Jiwe likiwa chini ya maji, vinaliacha na kukanyaga lingine. Njia hiyo ni nzuri, lakini inahitaji mawe. Waifai ya kawaida inafunika megahezi 20, yaani robo ya mto. Rauta yetu mtu alikuwa ameiwekea upana wa 40, na nusu ya mawe ikawa imezama.

Kuna zaidi. Katika zile chaneli 40, 3 zimetengwa kwa ajili ya kujitangaza na kutafutana: ziko kwenye megahezi 2402, 2426 na 2480. Uhusiano ukikatika, ni hapo hasa vyombo vinapotafutana upya. Zimewekwa hapo kwa akili, katika nafasi zinazobaki kama waifai inatumia chaneli 1, 6 au 11 kama ilivyo desturi. Rauta yetu ilikuwa kwenye chaneli 4, iliyokaa juu kabisa ya ile 2426. Kwa hiyo ikikatika, hata kurudi kulikuwa kwa taabu.

Nilimwomba fundi wa mitambo afungue ukurasa wa rauta. Tulibadilisha mambo matatu. Chaneli tukaiweka 11, ambayo iko mbali na zile tatu zote. Upana tukaurudisha 20, pale palipoandikwa 20 MHz. Na kwa kuwa rauta ile ina uwanja wa pili, ulioandikwa 5 GHz, simu zote za wafanyakazi pamoja na tableti tukazihamishia huko. Uwanja huo wa pili haumgusi blututhi kabisa. Ubaya wake ni kwamba haupiti vizuri kwenye kuta na haufiki mbali, kwa hiyo wale waliokuwa wanapata rezo kutoka chini ya mwembe walilalamika. Walalamike tu. Baada ya hapo tulihamisha rauta yenyewe hadi mwisho wa pili wa kontena, mita 4 kutoka meza.

Sasa, kwa yule atakayekutana na tatizo hili peke yake, namna ya kutofautisha ni hii. Ikiwa namba ya RSSI ni mbaya, tuseme chini ya -85, adui ni umbali, ukuta au mwili. Sogeza meza, fungua mlango, waondoe watu katikati; kuzima waifai hakutasaidia kitu. Ikiwa namba ni nzuri, kama -55 au -60, na bado inakatika, adui ni makelele. Zima waifai kwa dakika 5 uone. Kusogeza ukuta hakutasaidia. Na ikiwa uso wa chombo chenyewe unaonyesha vistari badala ya namba, basi si mawimbi kabisa. Ni kidole: kina baridi, kina rangi ya kucha, kina tope, au mtu anatetemeka. Nimewaona wenzangu wakihangaika na tableti nusu saa kwa ajili ya kidole chenye tope la shimoni.

MAHALI AMBAPO BLUTUTHI HAINA KAZI

Wachimbaji wengine waliniuliza kama vyombo hivi vinaweza kusaidia kupashana habari ndani ya shimo. Hapana. Mwamba wenye unyevu hunywa mawimbi kuliko ukuta wowote wa nyumba, na kona moja tu ya njia ya chini inatosha kuyakata. Ndani ya njia iliyonyooka simu mbili zitasikiana, na hapo ndipo mtu anapodanganyika, anadhani ana mawasiliano. Akipita kona hana.

Tena, blututhi ni kitumaji cha redio, hata kikiwa kidogo. Karibu na fataki za umeme za kulipulia mwamba na karibu na ghala la baruti hakuna simu, hakuna kisikilizio, hakuna saa ya mkono ya blututhi. Kuviacha mfukoni bila kuvigusa si kuvizima. Vinaendelea kujitangaza vyenyewe. Viacheni kwa mlinzi mlangoni.

Jambo la kufurahisha kidogo, kabla sijamaliza: ndani ya chombo kile cha kidole, na ndani ya tableti, vipande vyake vimegandishwa kwa risasi ya kuunganishia iliyotengenezwa kwa bati, nalo hupatikana katika kasiterite kama ile ya Bisie, hapa Walikale. Na tantali, inayotoka katika koltani kama ya Rubaya kule Masisi, hutumiwa katika vipande vidogo vya simu vinavyotunza umeme. Tunaitoa ardhini kwa jembe, inarudi kwetu ikiwa imefungwa kwenye kidole.

NAMNA TUNAVYOPIMA SASA

Siku ya upimaji meza moja, chombo na tableti pamoja, urefu wa mkono. Waya wa umeme tumeongeza hadi chini ya bashi, kwa hiyo karani anakaa nje pamoja nasi na kontena limebaki stoo. Foleni inaanza hatua 3 kutoka mezani, nyuma ya kamba. Kamba hiyo ni ya adabu na pia ni ya mawimbi. Mgonjwa anakaa akiitazama tableti, mkono mezani.

Anayepima anasoma namba kwenye uso wa chombo, kwa sauti. Karani anaangalia kama tableti inasema hivyo hivyo na kama saa iliyoandikwa pembeni ni ya dakika hiyo. Zikitofautiana, ya chombo ndiyo inayoandikwa, kwa kalamu, na tableti inangoja. Kati ya mtu mmoja na mwingine tunasubiri hadi namba ya kwanza ifutike kabisa. Hili linaongeza sekunde 15 kwa kila mtu. Kwa njia hiyo tumepima watu 62 kwa asubuhi moja, na tableti haikuganda. RSSI ilikaa kati ya -52 na -60.

Wewe mfanyakazi unayepimwa nawe una kazi. Tazama kidole chako mwenyewe. Namba iko hapo, inakutazama. Ukisikia karani anasema nyingine, sema, "Kijana, ngoja, hapa naona ngapi na wewe unaandika ngapi?" Hakuna atakayekukasirikia.

Mtaniuliza habari za yule baba. Alilazwa, akatibiwa, akarudi baada ya wiki tatu, na sasa yuko kwenye karakana mpaka kifua kitulie. Mke wake ndiye aliyenieleza baadaye kwamba kwa siku nyingi alikuwa anamwona akipumzika mara mbili kwenye kilima kidogo cha kisima, lakini mumewe akamkataza asiseme.

Na kadi nyingine za asubuhi ile? Tangu mvua ilipoanza hadi nilipogundua kosa, watu 19 walikuwa wamepimwa. Tuliwaita wote. 18 walikuja kesho yake. 3 kati yao namba zao hazikuwa zao, ingawa za kweli nazo zilikuwa nzuri. Wa 19 alikuwa amekwisha pewa likizo, ameshika njia ya Njingala kwenda kwao. Tulituma neno kwa dereva wa lori, dereva akampa mwenye duka, mwenye duka akampa kaka yake. Alirudi siku ya nne kwa pikipiki, amejaa tope hadi kiunoni, hajui anaitiwa nini. Tukamkalisha mezani, tukamfuta kidole, tukasubiri. 96.